Nani Aliyeniletea Tiketi Hii?

"Nilipowasha rauta asubuhi hii, taa nyekundu haizimi." Mteja wa kampuni ya intaneti anaandika maneno hayo, na kabla hajaweka simu chini, malalamiko yake yamekwisha kuwa tiketi kwenye skrini ya mhudumu wa kitengo cha malipo. Mhudumu huyo anazijua ankara, marejesho na miamala iliyokwama, lakini taa za rauta hazijui. Msimamizi wa zamu hakumpa kazi hiyo. Imeletwa na kanuni, na kanuni hiyo ilifanya kile hasa ilichoandikiwa kufanya.

Vituo vingi vya huduma kwa wateja hugawa kazi kwa namna hii. Kila tiketi inapoingia hubandikwa lebo kulingana na yaliyomo: malipo, mtandao, usajili wa laini, Kiswahili, Kiingereza. Kila mhudumu naye ana lebo zake za ujuzi alizowekewa na wasimamizi. Kanuni huoanisha lebo za pande hizo mbili, kisha hutazama ni nani yupo kazini na nani ana tiketi chache mkononi.

Sababu ya kwanza ya kuweka utaratibu huu inafahamika: mtu wa malipo atamaliza shauri la malipo upesi kuliko asiyelijua. Sababu ya pili haitajwi sana, ingawa kwa maoni yangu ina uzito zaidi. Foleni ikiachwa wazi ili kila mhudumu ajichagulie, tiketi nyepesi huondoka kwanza. Ombi la kubadilisha nywila halikai dakika tano, ilhali mteja ambaye fedha zake zimekatwa mara mbili, mwenye maelezo marefu na picha sita, anabaki hadi jioni. Wahudumu si wavivu. Wengi hupimwa kwa idadi ya tiketi wanazofunga, na kipimo hicho kinawasukuma kwenye zile fupi. Kanuni inawaondolea uchaguzi huo, na mteja mwenye shauri gumu anapata zamu yake.

Hata hivyo kugawa foleni kwa ujuzi kuna gharama yake, na gharama hiyo inahesabika tangu 1917, pale Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alipochapisha fomula za kukadiria muda wa kusubiri. Chukua kituo chenye wahudumu 10, simu 96 kwa saa, na kila simu ikichukua wastani wa dakika 5. Wote wakipokea kutoka foleni moja, fomula yake inatoa wastani wa kusubiri wa dakika 1 hivi. Wagawe makundi mawili ya watu 5, kila kundi na simu zake 48 kwa saa, na wastani unapanda hadi karibu dakika 2 na robo tatu. Watu ni walewale na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mhudumu wa kundi moja anaweza kukaa bila simu huku wateja wa kundi la pili wakisubiri. Ujuzi wa wahudumu usipopunguza sana muda wa kila simu, mgawanyo huo ni hasara tupu.

Dawa yake si kumfundisha kila mtu kila kitu. Mwaka 2005 watafiti Rodney Wallace na Ward Whitt walionyesha kwamba kituo ambacho kila mhudumu ana ujuzi wa aina mbili tu, ukipangwa vizuri, kinaweza kufanya kazi karibu sawa na kile ambacho wote wanajua yote. Basi swali la kwanza la mkaguzi ni hili: ni lebo ngapi zinabebwa na mtu mmoja tu? Huyo akiugua, foleni yake inasimama.

Sasa turudi kwa mteja wa rauta. Aliyeandika kanuni ya malipo alikuwa na hoja ya maana. Kitenzi cha Kiswahili hubadilika umbo, na mteja anaweza kuandika nimelipa, sijalipwa, nimelipia au malipo. Kwa hiyo hakutafuta neno zima, alitafuta herufi tatu zinazopatikana katika maumbo yote hayo:

```
kama ujumbe una "lip"            -> lebo: malipo
kama ujumbe una "rauta"          -> lebo: mtandao
kama lebo ni malipo              -> kitengo cha malipo, acha hapo
kama lebo ni mtandao             -> kitengo cha ufundi, acha hapo
vinginevyo                       -> foleni ya jumla
```

Herufi hizo tatu zimo pia katika nilipowasha, nilipopiga, alipofika, ulipo. Zimo katika nilipata, nilipakua na walipanga. Yaani mteja yeyote anayesimulia jambo lililopita yuko hatarini kupelekwa kwa watu wa malipo, na malalamiko karibu yote husimulia jambo lililopita. Kosa la pili limefichwa kwenye mpangilio. Tiketi ya rauta ilibandikwa lebo zote mbili kwa usahihi wa kimashine, lakini mstari wa malipo uko juu na unamaliza safari, hivyo mstari wa ufundi haukufikiwa. Ukiitazama kanuni ya ufundi peke yake hutaona dosari. Ndiyo maana ukaguzi huanza kwa kuzitoa kanuni zote na kuzisoma kwa mfuatano ambao mfumo unazifuata, huku ukiuliza katika kila mstari: hapa mfumo unasimama au unaendelea?

Baada ya kusoma kanuni, soma tiketi zenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hufungua tiketi zenye lebo ya malipo tu na kuangalia ngapi si za malipo. Hilo linaonyesha waliopelekwa mahali pasipo pao, lakini haliwaonyeshi waliokosa mahali pao. Chukua mafungu mawili, tuseme tiketi 100 zenye lebo na 100 zisizo nayo, zilizochaguliwa bila mpango wowote kutoka mwezi mzima. Zifiche lebo, kisha mpe mtu anayeijua kazi azisome na aandike kila moja inahusu nini. Akiiona lebo kabla ya kusoma, ataikubali bila kutaka.

Tuseme matokeo ni haya. Kati ya zile 100 zenye lebo, 31 si za malipo. Kati ya 100 zisizo na lebo, 6 ni za malipo. Ukiishia hapo utadhani waliokosa lebo ni wachache mno. Lakini mwezi huo kulikuwa na tiketi 900 zenye lebo na 3,100 zisizo nayo. Asilimia 31 ya 900 ni 279. Asilimia 6 ya 3,100 ni 186. Tiketi za kweli za malipo ni hizo 621 zilizofika pamoja na 186 zilizokosa njia, jumla 807. Kumbe karibu shauri moja kati ya kila manne au matano ya malipo haliwafikii watu wa malipo. Lile fungu dogo la 6 lilikuwa limebeba wateja wengi, na bila kuzidisha kwa ukubwa wa lundo usingewaona.

Soma hizo zilizokosa, moja baada ya nyingine. Mara nyingi utakuta maneno ya watu ambayo mwandishi wa kanuni hakuyawaza: "mmenikata hela", "pesa imeenda", "nirudishieni changu". Hakuna umbo la kitenzi cha kulipa hata mahali pamoja. Hizi huongezwa kama maneno kamili, na zile herufi tatu hubadilishwa na kitu kinachojali mwisho wa neno:

```
lip(a|wa|ia|iwa|e|eje)\b|malipo
```

Alama ya `\b` ina maana neno liishie hapo. Nimelipa inanaswa, na nilipeje pia, lakini nilipowasha na nilipakua zinaachwa. Kabla ya kuiwasha, ipitishe juu ya tiketi za mwezi uliopita na uone zipi zingebadilisha njia. Kisha ipime kwa fungu jipya ambalo hukulitumia kuitengeneza, kwa maana kanuni iliyokatwa kwa kipimo cha tiketi 200 haishindwi kamwe kwenye tiketi hizohizo.

Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji sampuli: tiketi zilizohamishwa kwa mkono. Mifumo mingi huweka kumbukumbu ya kila hatua ya tiketi, ikiwemo kanuni iliyoigusa na mtu aliyeihamisha. Panga tiketi zilizohamishwa kwa jina la kanuni iliyozileta. Kanuni moja ikiwa juu sana kuliko nyenzake, anza nayo. Lakini usiitegemee dalili hii peke yake. Wahudumu waliochoka huacha kuhamisha, wakajifunza kazi isiyo yao na kuifanya polepole, na kumbukumbu ikaonekana safi.

Upande wa lebo za watu husahaulika zaidi, na hapo ndipo ninapoona dhuluma. Lebo ya "Kifaransa" aliyowekewa binti wakati wa usaili miaka mitatu iliyopita bado inamletea kila mteja wa Bujumbura, ingawa mwenzake aliyehamia kitengoni baadaye anakijua vizuri kuliko yeye. Lebo yake haikuongezwa kwa kuwa hakuna fomu ya kuiomba. Kwa hiyo chapisha orodha ya wahudumu na lebo zao, na kwa kila lebo andika nani aliiweka, lini, na kwa ushahidi gani. Halafu linganisha idadi ya tiketi na urefu wake kwa kila mtu. Mwenye lebo adimu hupata mashauri marefu, anafunga machache, na jedwali la mwisho wa mwezi linamwonyesha kuwa mzembe. Kama posho inafuata jedwali hilo, kanuni ya kugawa kazi imegeuka kuwa kanuni ya mshahara bila mtu yeyote kukaa kikao na kuipitisha.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki dhidi ya uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa ukifanywa na mashine peke yake. Kugawa tiketi moja huenda kusifike uzito huo. Kumkata mtu posho kwa hesabu iliyozaliwa na lebo ni jambo jingine, na mwajiri mwenye busara ataweka mtu wa kuipitia hesabu hiyo kabla haijaingia kwenye malipo.

Kama unafanya kazi mahali ambapo kazi inakufikia kwa njia hii, mwombe msimamizi wako akuonyeshe lebo zilizo kwenye jina lako na tarehe zilipowekwa. Na kama wewe ndiye msimamizi, weka jina la mtu mmoja na tarehe ya ukaguzi unaofuata kwenye kila kanuni. Ile isiyo na mwenyewe, izime wiki hii na uache tiketi zake ziingie foleni ya jumla, ambako angalau kuna mtu anayezisoma.