Mwalimu, naomba kujua kazi yangu

Mchezaji anayesugua benchi huwa ana malalamiko mengi kichwani, lakini akiulizwa hasa anataka nini, jibu lake ni moja: nataka kucheza. Kocha hawezi kulifanyia lolote jibu hilo, kwa sababu kila aliyekaa pale benchi analo. Barua inayoweza kubadilisha kitu haidai namba. Inaomba kujua kazi.

Aliye na haki zaidi ya kuiandika, kwa maoni yangu, ni mchezaji kiraka. Mashabiki wa Tanzania wanamkumbuka Erasto Nyoni, aliyeweza kucheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo, Simba na Taifa Stars. Nyoni aliujengea uwezo huo jina kubwa. Kwa kijana ambaye bado hajajipatia jina, uwezo uleule unaweza kumfunga kwenye kiti, na chanzo chake kimo katika hesabu za kocha mwenyewe.

Tangu mwaka 2022 sheria za soka zimeruhusu moja kwa moja mabadiliko ya wachezaji watano katika mashindano ya juu, yakifanyika kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, mbali na mapumziko. Kocha hulipanga benchi lake kwa kufuata hesabu hiyo. Kuna atakayeingia timu ikitafuta bao, kuna atakayeingia kulinda ushindi, na kuna wa dharura, yaani wa kuziba pengo mtu akiumia. Kiraka huwekwa hapo kwenye dharura. Dakika ya 60 kocha anamtazama, anamwacha, kwa sababu akimwingiza sasa na beki wa kulia akaumia dakika ya 80, hana wa kuziba. Mechi inaisha, hakuna aliyeumia, na kijana anarudi chumbani jezi ikiwa kavu. Anaamini kocha hampendi, kumbe kocha anamtunza. Wote wawili wanaumia kwa jambo ambalo hawajawahi kuliongea.

Tuchukue mfano wa kiungo wa timu ya Ligi Kuu, umri miaka 22. Kwenye maandalizi ya msimu alichezeshwa namba sita. Ligi ilipoanza akawa anaingia popote penye pengo. Baada ya mzunguko wa 12 anaandika hivi:

«Mwalimu, shikamoo.

Naandika kwa heshima kukuomba unisaidie kuielewa kazi yangu katika timu. Tumecheza mechi 12. Nimeingia katika mechi nne nikitokea benchi, jumla ya dakika 61: mbili nikicheza namba sita, moja beki wa kulia na moja winga wa kulia. Kila uliponiita nilikwenda kwa moyo wote, na popote utakaponiita tena nitakwenda.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, katika mipango yako unanihesabu zaidi katika nafasi ipi, ili ninapobaki uwanjani baada ya mazoezi nijue najiongezea nini. Pili, ninapoingia mwishoni mwa mchezo, ni kitu gani unachotaka nikifanye ambacho bado hukioni. Kwenye mechi ya tisa niliingia tukiongoza bao moja. Nilipanda mbele mara mbili, na nimeona kwenye video kwamba nafasi yangu ilibaki wazi. Nilidhani tunatafuta bao la pili. Nahisi wewe ulitaka tulinde lile moja.

Nani aanze ni uamuzi wako, nami nauheshimu. Naomba dakika kumi za muda wako wiki hii, siku utakayoona inafaa.

Mchezaji wako.»

Ni barua fupi, inaenea kwenye nusu ukurasa, lakini tazama aya yake ya kwanza. Zile dakika 61 hazikuandikwa kumsuta kocha. Kocha mwenye kikosi kizima hakumbuki nani kaingia wapi mara ngapi, na akiona nafasi tatu tofauti ndani ya mechi nne, anaona mwenyewe kwamba huyu kijana hajawahi kupewa nafasi moja ya kuizoea. Hesabu imesema, mchezaji hakulazimika kulalamika.

Mechi ya tisa ndiyo moyo wa barua. Mchezaji amekwenda kwenye tukio moja, amelitazama upya, ameeleza alichokuwa anafikiri na akaacha nafasi ya kusahihishwa. Swali la namna hiyo kocha analijibu kwa urahisi, tena kwa kuchora ubaoni. Angeandika tu kwamba anajituma sana mazoezini, angejibiwa aendelee kujituma, na mazungumzo yangeishia hapo.

Kuna ambavyo havimo, na visiingizwe. Jina la mwenzake anayecheza namba hiyo halimo. Ukimtaja mwenzako kwa udhaifu, kocha atalazimika kumtetea, na atajiuliza siku nyingine utamsema nani. Neno «nastahili» halimo. Wala hakuna tishio la kuondoka dirisha dogo likifunguliwa.

Mahali barua kama hii inapoharibikia mara nyingi ni kwenye njia ya kuifikisha. Ikiandikwa chini yake «nakala kwa katibu wa klabu», imeshageuka mashtaka, na kocha ataijibu kwa kujilinda. Ikitumwa kwa simu, inaweza kusambazwa na kufika kwa waandishi kabla mwenyewe hajamaliza kuisoma. Apewe mkononi, kwenye bahasha, siku ya mazoezi mepesi katikati ya wiki. Isiwe siku ya mechi, wala asubuhi inayofuata kipigo. Nahodha akiambiwa mapema kwa mdomo ni vizuri, maana huenda akaulizwa kuhusu kijana huyo.

Barua hii pia haina nguvu ya kisheria, na isichanganywe na njia nyingine iliyopo. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji wa kulipwa aliyekwisha kujijenga kuvunja mkataba kwa sababu ya kimichezo, iwapo msimu mzima ameonekana katika chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake. Lazima afanye hivyo ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya klabu hiyo msimu huo, na mazingira yake pia huangaliwa. Kiungo wetu ameshaingia mechi nne kati ya 12, hivyo hayuko karibu na kiwango hicho.

Jibu huenda lisije kwa maneno. Aangalie mazoezini, kocha anapogawa vizibao kwa ajili ya mchezo wa ndani. Ikiwa wiki mbili mfululizo anawekwa namba sita, hata kama ni upande wa akiba, ameshajibiwa: hapo ndipo anapohesabiwa. Ikiwa bado anazungushwa, leo beki kesho winga, basi kocha ameamua kumbakiza kuwa kiraka, na la kuuliza sasa ni lile la pili tu, kazi yake akiingia mwishoni.

Yapo makocha watakaosema wazi kwamba mbele yake kuna wawili na msimu huu nafasi hiyo haitapatikana. Linauma, lakini ni jibu kamili, na bado ana muda wa kulifanyia kazi. Hapo hapo, kabla hajanyanyuka kitini, aombe kwa adabu kutolewa kwa mkopo wakati wa dirisha dogo, aende timu itakayomchezesha namba sita kila wiki. Amwombe pia mwalimu amtajie mambo mawili anayotaka kuyaona yamebadilika atakaporudi, na ayaandike mbele yake.