Ng'ombe wa maziwa: hesabu isiishie kwenye ndoo

Mfugaji wa ndani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukimuuliza ng'ombe anamwingizia nini, atakutajia lita. Lakini ng'ombe hula hata miezi asiyokamuliwa, na hapo ndipo faida inapopotelea.

Tuchukue mfano wa ng'ombe chotara wa Friziani mwenye kilo 400. Kwa siku anahitaji kilo 45 hivi za majani mabichi, na pumba iliyochanganywa na mashudu ya alizeti. Wengi hupima kilo moja ya mchanganyiko huo kwa kila lita mbili zinazozidi zile chache ambazo majani peke yake yanaweza kuzitoa. Migomba hujaza tumbo tu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji.

Tuseme anakamuliwa lita 12, ndama anapewa mbili, na kumi zinauzwa kwa shilingi 1,000 kila lita. Kwa mwezi hizo ni 300,000. Majani ya kununua yakigharimu 3,000 kwa siku, yanachukua 90,000. Kilo nne za pumba na mashudu kwa siku, kwa 700 kila kilo, ni 84,000. Madini, dawa ya minyoo, kuogesha dhidi ya kupe wa ndigana na akiba ya mganga wa mifugo, tuweke 30,000. Msaidizi wa bandani, 40,000. Zinabaki 56,000.

Zidisha kwa miezi kumi ya kukamua, upate 560,000. Akizaa kila baada ya miezi 13, kuna miezi mitatu bila maziwa. Hata pumba ikipunguzwa hadi 30,000, kila mwezi kati ya hiyo unakula 190,000, jumla 570,000. Aliyenunua kila jani amebaki na ndama na samadi tu.

Mwenye matete yake kwenye kingo za shamba, akitumia 30,000 kuyakata na kuyabeba, anapata wastani wa 59,000 kwa mwezi katika miezi hiyo 13. Lakini ng'ombe huyohuyo akichelewa kushika mimba na kuzaa baada ya miezi 16, wastani unashuka hadi karibu 24,000. Hakuna ugonjwa wala dawa ya ziada iliyonunuliwa. Joto tu lilipita bila kuonekana.

Joto hurudi baada ya siku 21 hivi, na dalili yake ya kuaminika ni ng'ombe kusimama atulie anapopandwa na mwenzake. Aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, hivyo tazama ute usio na rangi unaong'aa kama kioo, kulialia na maziwa kupungua ghafla. Ukiziona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukiziona jioni, aje kesho asubuhi. Andika tarehe ukutani, na siku ya 18 baada ya hapo anza kumchunguza tena asubuhi na jioni.