Usiipelekee YouTube chicha

Mpiga video za harusi amerekodi ngoma ya dakika nne kwenye ua wenye taa za rangi. Kwenye kompyuta yake, kila kipande cha vimetameta kwenye gauni la bibi harusi kinaonekana. Anaibana video mpaka iwe ndogo ili bando lisimwishie, kisha anaipandisha YouTube. Asubuhi familia inampigia simu: mbona nyuso zina ukungu, na kila watu wakicheza picha inakatika vijumba vijumba?

Kosa lake ni kubana kitu ambacho kingebanwa tena. YouTube haionyeshi faili uliloipelekea. Kila video inayofika hubanwa upya na kutengenezewa matoleo kadhaa, kuanzia ya simu yenye mtandao dhaifu hadi ya televisheni kubwa. Hata ukiipelekea faili dogo sana, italibana tu. Hivyo mbano wa mwisho si wako, na kazi yako ni kumwachia mbanaji huyo kitu cha kukamua. Nazi iliyokwisha kukamuliwa ni chicha. Ukiikamua tena unapata maji meupe, si tui.

Madhara yanatokea hivi. Programu ya kubana huigawa picha katika viboksi, kisha ndani ya kila kiboksi hutupa chembe ambazo jicho halitazikosa sana. Ikilazimishwa kutupa kupita kiasi, kingo za viboksi huanza kuonekana. Faili hilo likifika YouTube, mbanaji wa pili hajui kwamba kingo hizo ni kasoro. Kwake ni sehemu ya picha, sawa na mshono wa kanzu, kwa hiyo anatumia nafasi yake finyu kuzihifadhi, na uso wa bibi harusi unakosa haki yake.

Turudi kwa mpiga video wetu. Kamera yake ilirekodi kwa ukubwa wa 1080p, fremu 25 kwa sekunde, megabiti 50 kila sekunde. Dakika nne hizo ni takriban gigabaiti moja na nusu. Yeye alizishusha hadi megabiti 3 kwa sekunde, akapata faili la megabaiti 90. YouTube yenyewe, kwa video ya 1080p isiyozidi fremu 30, inapendekeza megabiti 8, yaani megabaiti 240 kwa dakika nne hizo. Kwa ngoma yenye vimetameta na taa zinazozunguka, ni afadhali kuzidisha hapo.

Njia nyepesi ni kutokuchagua megabiti kabisa, bali kuchagua ubora na kuiacha programu itumie nafasi inayohitaji. Katika programu ya bure ya FFmpeg, na pia HandBrake, kipimo hicho kwa H.264 huanzia 0 hadi 51, na namba ikiwa ndogo ubora huwa mkubwa. Kwa kazi ya kupandisha mtandaoni, 18 inatosha:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 320k -movflags +faststart harusi.mp4
```

Tuseme faili limetoka na wastani wa megabiti 16: hizo ni megabaiti 480, chini ya theluthi moja ya faili la kamera. Kama bando halitoshi, panda hadi 20 au 21. Kila ukiongeza namba sita, ukubwa hupungua kwa karibu nusu, hivyo huna haja ya kuruka mbali. Ukubwa wa picha na idadi ya fremu viache kama kamera ilivyorekodi.

Faili hilo litolewe kutoka kwenye picha za kamera, si kutoka nakala uliyomtumia bwana harusi kwa WhatsApp. Nakala ile imeshabanwa, na kuiongezea megabiti hakurudishi kilichotupwa. Kunazuia tu isiharibike zaidi. Na kama hukuhariri chochote, pandisha faili la kamera lenyewe.

Kabla ya kulaumu mtandao, subiri. YouTube huanza kuonyesha toleo la ubora mdogo, kisha matoleo makubwa hufuata. Yakishakamilika, chagua 1080p, simamisha video pale watu wanapocheza kwa kasi au penye giza, ulinganishe na fremu ileile kwenye faili ulilopandisha. Vijumba vikionekana hata kwenye faili lako, umebana mno: rudi kwenye picha za kamera utoe upya. Vikionekana mtandaoni tu, huo ni mbano wa YouTube, na kwa upande wako kazi imekwisha.