Tahajia Safi, Sentensi Mbili za Kuuliza

Mwenzako akikuomba umpitishie macho ripoti, jibu la “iko sawa” halimtoshi. Mweleze ulichokagua, kisha mnukulie sentensi zenye utata:

“Dada, habari za kazi? Ripoti nimeisoma yote, tahajia haina kosa. Nina shaka na sentensi mbili tu. Ukurasa wa 4: ‘Wakulima walipewa mbegu na maafisa ugani.’ Maafisa ndio waliogawa, au wakulima walipata mbegu pamoja na maafisa wa kuwasaidia? Ukurasa wa 7: mavuno ‘yaliongezeka kwa asilimia 10, kutoka magunia 20 hadi 30.’ Hilo ni ongezeko la magunia 10, yaani asilimia 50. Sijabadilisha kitu, takwimu unazo wewe.”

Kompyuta inayokagua tahajia tu ingezipitisha zote mbili, kwani kila neno limeandikwa sawasawa.