Bomu Kwenye Buti

Filamu ya Touch of Evil ya mwaka 1958, aliyoiongoza Orson Welles, inaanza na mikono. Mtu asiyeonekana uso anatega saa ya bomu, anakimbia nalo gizani, analitia kwenye buti la gari lililoegeshwa, kisha anatoweka. Tajiri mmoja na mwanamke wake wanatoka baa wakicheka, wanapanda gari hilo na kuondoka. Tangu ile mikono ya mwanzo kamera iliyofungwa kwenye kreni haikatizi hata mara moja kwa zaidi ya dakika tatu. Inapaa juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari katika mitaa ya mji wa Meksiko ulio mpakani na Marekani.

Ukiondoa ile mikono ya mwanzo, hakuna kinachotokea. Gari linasimamishwa na trafiki, linazuiwa na kundi la mbuzi. Kijana na mkewe, waliooana karibuni, wanatembea kwa miguu na mara linawapita, mara wao wanalipita. Lakini mtazamaji anajua kilichomo butini na wao hawajui, kwa hiyo kila linaposimama jirani yao roho inamruka. Kizuizini mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia kitu kikigonga tik-tik kichwani. Hakuna anayemjali.

Filamu zetu nyingi nazo huanza na gari. Linapiga honi, mlinzi anafungua geti, tajiri anashuka. Dakika zilezile zinapita, ila hatujapewa cha kuhofia, na mkono unaanza kutafuta rimoti.

Hata ufunguzi wa Welles uliwahi kupunguzwa makali. Studio ya Universal ilipachika majina ya waigizaji juu ya picha na kuufunika mtaa mzima kwa muziki wa Henry Mancini. Jicho likisoma majina, gari linapotea. Welles aliiandikia studio waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu yake ihaririwe, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliufuata. Aliyatoa majina, akarudisha muziki unaovuja milangoni mwa mabaa na ule wa redio ya gari. Sasa hata gari likiwa nje ya picha, redio yake ikisikika tu unajua bomu linakaribia.

Linalipuka ng'ambo ya mpaka, wanandoa wale wakibusiana, na hapo ndipo kamera inakata kwa mara ya kwanza. Hofu imekwisha, na filamu ingeweza kupoa palepale. Ila bomu limetegwa Meksiko na kuua Marekani, na yule kijana, Vargas, ni ofisa wa serikali ya Meksiko. Kesi ni ya nani? Kabla moto haujazimwa anafika Hank Quinlan, mpelelezi mnene wa upande wa Marekani anayeigizwa na Welles mwenyewe, naye hapendi kabisa kumwona Mmeksiko akichungulia kazi yake.