Somo la Hisabati Linaloanzia Mwisho

Mwandikie mtoto wa Darasa la Tatu ubaoni 52 − 28, kisha utazame jibu lake. Akiandika 24, anajua. Akiandika 36, ameona 2 haitoshi kutolewa 8, akageuza na kutoa 2 kwenye 8. Akiandika 34, amechukua kumi moja kutoka kwenye makumi ili apate 12, lakini akasahau kwamba makumi yamebaki 4. Watoto hawa wamo katika chumba kimoja, na mwalimu ana dakika 40 tu. Andalio la somo ndilo linaloamua kama kila mmoja wao atafundishwa.

Andalio zuri huandikwa kuanzia mwisho. Kabla ya kufikiria vitendo, mwalimu anachagua maswali ambayo darasa zima litafanya mwishoni mwa kipindi. Kwa somo la kutoa namba za tarakimu tatu kwa kuchukua, mawili yanatosha: 473 − 146 na 368 − 142. La pili halihitaji kuchukua. Limewekwa ili kumbaini mtoto anayechukua kwa mazoea, hata pasipo na haja.

Namba zenyewe zichaguliwe kwa uangalifu. Ukiuliza 52 − 27, aliyegeuza tarakimu na aliyesahau kupunguza makumi wote watapata 35, na hutajua nani alikosea wapi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kila tarakimu za mamoja zinapopishana kwa 5. Kwa 473 − 146, jibu sahihi ni 327, aliyegeuza atapata 333, na aliyesahau atapata 337. Kila kosa lina alama yake.

Maswali yakishapatikana, lengo linaandikika lenyewe: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu tatu kwa kuchukua kumi moja, na kupata maswali yote mawili. Lengo kama “mwanafunzi aelewe kutoa” halipimiki, kwa sababu hakuna anayeweza kuuona uelewa bila kazi iliyoandikwa.

Sasa tugawe muda. Utangulizi uchukue dakika 5. Mwalimu anaandika 52 − 28, kila mtoto anajibu kwenye daftari kimyakimya, naye anapita kati ya madawati akitazama majibu. Makundi ya siku hiyo yanatokana na majibu haya. Nafasi ya mtoto katika mtihani wa muhula uliopita haihusiki, maana aliyeshika mkia katika mtihani anaweza kuwa anakijua vizuri kipengele hiki kimoja.

Maarifa mapya yapewe dakika 10, kwa darasa zima. Mwalimu anatumia vijiti vilivyofungwa makumi kwa makumi, na mafungu kumi yakifungwa pamoja yanakuwa mia moja. Anafanya 352 − 128: vijiti 2 havitoshi kutoa 8, basi anafungua fungu moja la kumi mbele ya watoto. Mamoja sasa ni 12, makumi ni 4. Ubaoni anakata 5 na kuandika 4 palepale anapofungua fungu, ili maandishi na vijiti viende pamoja. Jibu ni 224. Hapa ndipo muda hupotea zaidi. Dakika ya 15 ikifika, aache mfano wa pili aanze mazoezi.

Kuimarisha maarifa ni dakika 14, na hapo kazi inatofautiana. Walioandika 36 wanarudia namba za tarakimu mbili kwa vijiti. Walioandika 34 wanafanya kama 352 − 128, huku wakilazimika kuandika makumi yaliyobaki juu ya yale waliyoyakata. Waliopata 24 wanapewa 302 − 128, ambapo makumi ni sifuri na lazima waanzie kwenye mamia. Mwalimu akae zaidi na kundi la vijiti.

Dakika 7 zinazofuata ni za maswali mawili ya mwisho, yaleyale kwa wote. Anayehitaji vijiti avitumie, na mwalimu aweke alama kwamba alivitumia. Dakika 4 za mwisho ni za hitimisho: mtoto mmoja aeleze kwa nini 7 katika 473 imekuwa 6.

Inabaki sehemu ya tathmini, ambayo mara nyingi hujazwa “somo limeeleweka vizuri.” Maneno hayo hayamsaidii mtu kesho yake. Tuseme darasa lina watoto 60: 41 wamepata yote mawili, 12 wameandika 337, na 7 wameandika 333. Ukiandika hesabu hiyo, andalio la kesho limeshaanza. Wale 12 watasaidiwa na utangulizi wa dakika 5 wa kukata na kuandika makumi yaliyobaki. Wale 7 hawahitaji mazoezi zaidi ya daftarini kwanza. Wanahitaji kulifungua fungu la kumi kwa mikono yao wenyewe, mwalimu akiwa kando yao.