Pumzi Inayopitia Shingoni

Mgonjwa mwenye trakeostomia hapigi kelele anapokosa hewa. Mrija aliowekewa shingoni uko chini ya nyuzi za sauti, na puto lake likiwa limejazwa, hewa haipandi hadi kinywani. Atagonga kitanda, atatoa macho, au atamshika mkono aliye karibu. Katika chumba cha wagonjwa mahututi kuna mtu anayemtazama muda wote, na mashine hulia namba zikishuka. Akihamishiwa wodi ya kawaida anawekwa kwenye safu ya vitanda, na usiku muuguzi anaweza kuwa upande wa pili akimtundikia mwingine dripu.

Trakeostomia yenyewe ni tundu linalotobolewa mbele ya shingo, chini ya kongomeo, hadi ndani ya koo la hewa. Wapo wanaotobolewa kwa sababu ya jeraha la kichwa, wengine kwa saratani ya koo, wengine kwa kuwa wamekaa siku nyingi mno kwenye mashine ya kupumulia. Tundu likishakuwepo, hewa haipiti tena puani, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Pua hufanya kazi tatu ambazo mtu mzima wa afya hazifikirii: hupasha hewa joto, huilowesha, na huichuja. Hewa inayoingia moja kwa moja shingoni ni baridi na kavu, na oksijeni ya mtungi ni kavu zaidi. Makohozi hunata, hukauka, kisha huganda ndani ya mrija tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana mgonjwa huvishwa kichujio kidogo mdomoni mwa mrija, kinachoitwa pua bandia, ambacho hunasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa pumzi inayoingia. Makohozi yakizidi kuwa mazito, huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi ya hospitalini.

Kinga kubwa zaidi, hata hivyo, ni mrija wa ndani. Mirija mingi ya watu wazima ni miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje hubaki shingoni umefungwa kwa kamba. Wa ndani huchomolewa, huoshwa na kurudishwa, au hubadilishwa na wa akiba. Muuguzi huukagua kila baada ya saa 4 hivi, na mapema zaidi makohozi yakiwa mengi. Kuna mirija isiyo na wa ndani, na mgonjwa aliyewekewa huo wodini anahitaji macho zaidi, kwa sababu ukiziba hakuna cha kuchomoa isipokuwa mrija wote.

Kufyonza makohozi hufanywa pale yanaposikika au mgonjwa anaposhindwa kuyakohoa. Kwa mrija namba 8, katheta namba 12 inatosha. Ikiwa nene mno hunyonya na hewa aliyobakiwa nayo mgonjwa. Huingizwa bila kunyonya, kisha hunyonya wakati wa kuitoa tu, na zoezi zima halizidi sekunde 10 hadi 15.

Mikono isiyooshwa na katheta iliyotumiwa mara ya pili hupeleka vijidudu moja kwa moja mapafuni, maana kichujio cha asili kimeshapitwa. Lakini kuna njia nyingine isiyotiliwa maanani: mate. Hukusanyika juu ya puto na kupenya kidogo kidogo kuteremka chini, yakiwa yamebeba vijidudu vya mdomoni. Kumsafisha mgonjwa meno na kuinua kichwa cha kitanda ni sehemu ya kumkinga na nimonia. Chachi iliyo chini ya mrija hubadilishwa kila inapolowa, kwani ngozi yenye majimaji huchubuka. Kumbe si kila kohozi la njano ni ugonjwa. Vijidudu hukaa kwenye mrija wa karibu kila mgonjwa. Kinachomtia daktari wasiwasi ni homa, harufu mpya, wekundu unaosambaa shingoni, au mgonjwa kuhitaji oksijeni zaidi ya jana. Damu mbichi, hata kidogo, ikitokea siku au wiki kadhaa baada ya upasuaji, haisubiri asubuhi, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu hupita mbele ya koo la hewa na mrija unaweza kuwa unausugua.

Tuchukue mfano. Mwanamume aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda ana siku 12 tangu atobolewe. Saa 8 usiku mkewe anasikia mluzi.

“Sista, shingo yake inapiga mluzi, na anatoka jasho.”

Kipimo cha kidoleni kinasoma 86. Muuguzi anaita msaada kwanza, kabla ya kugusa chochote. Kisha anaweka oksijeni sehemu mbili, usoni na shingoni, kwa sababu huyu ana njia mbili za hewa na haijulikani ni ipi iliyo wazi. Anachomoa mrija wa ndani: umejaa gamba la kahawia, limebaki tundu la kupitisha kijiti cha kiberiti. Anapitisha katheta. Inateremka bila kugoma, mgonjwa anakohoa, namba zinapanda hadi 95. Anaweka mrija wa ndani wa akiba.

Je, katheta ingegoma? Hapo angetoa hewa ya puto kwa bomba la sindano, ili pumzi ipite kandokando ya mrija kwenda kinywani. Hali isipobadilika, mrija wote unatolewa. Hatua hii huwatisha wengi, na woga huo umewahi kuua. Uchunguzi mkubwa wa hospitali za Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mirija ya trakeostomia iliyohama mahali pake ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya njia ya hewa katika vyumba vya mahututi. Mwongozo wa dharura uliotolewa nchini humo mwaka uliofuata unasema wazi kwamba mrija uliokwama hauna faida na unaziba njia. Ukitoka, tundu hufunikwa kwa chachi na mgonjwa hupuliziwa kwa barakoa na mfuko kupitia mdomo na pua. Usoni pakishindikana, barakoa ndogo ya mtoto huwekwa juu ya tundu.

Mrija ukichomoka wenyewe, swali la kwanza ni umri wa tundu. Ndani ya wiki ya kwanza njia haijakomaa. Anayeusukuma kwa nguvu anaweza kuupenyeza kati ya ngozi na koo la hewa. Akipuliza, shingo inavimba na kutoa mchakacho ikibonyezwa. Hapo mgonjwa hupewa oksijeni usoni na shingoni wakati mtaalamu anakuja. Tundu lililokomaa huruhusu mtu aliyefunzwa kurudisha mrija wa namba ileile, au ulio mdogo kwa namba moja, kisha athibitishe kwamba hewa inatoka.

Hayo ya usoni hayamhusu mgonjwa aliyeondolewa kongomeo lote kwa saratani. Kwake mdomo na mapafu havijaungana tena, na kumpulizia usoni ni kazi bure. Pumzi yake ni ya shingoni peke yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huo huweka kibao chekundu juu ya kitanda chake, na cha kijani kwa mwenye njia mbili. Wodi isiyo na vibao vya rangi inaweza kuandika kwa kalamu nene, pamoja na tarehe ya upasuaji na namba ya mrija, na kuning'iniza hapohapo sanduku lenye mirija miwili ya akiba, mkasi, bomba la sindano, chachi na katheta. Sanduku hilo huandamana na mgonjwa hata anapopelekwa eksirei. Umeme ukikatika, pampu ya kufyonza ya mguu iwe inajulikana iliko.